Kabla Fundi Hajagusa Skrubu

Ndugu zangu, leo ni waranti ya simu, na naanzia pale ninapoanzia kila mara: kwenye skrubu.

Tuseme mtu kanunua simu hapa mjini mwezi wa tatu, waranti ya miezi 12. Mwezi wa nane inagoma kuchaji. Vumbi la Dodoma tunalijua, kwa hiyo anaipeleka kibandani Majengo isafishwe tundu la chaji. Fundi anafungua mgongo, anapuliza, anafunga. Bado haichaji, maana kilichokufa ni saketi ya chaji kwenye bodi. Hapo ndipo mwenye simu anaikumbuka kadi ya waranti. Kituo cha huduma wanaangalia skrubu moja yenye kistika cha duara, kidogo kama punje ya mtama. Kimetobolewa. Waranti imekwisha, ingawa ubovu ulikuwa wa kiwandani na ungetengenezwa bure.

Mtaniambia, "Lakini fundi hakuharibu kitu!" Yawezekana kabisa. Ila kadi haiulizi kama aliharibu. Inasema simu isifunguliwe na asiyeidhinishwa, kwa sababu ikishafunguliwa kituo hakiwezi tena kutenganisha ubovu wa kiwanda na wa mkono wa mtu. Kwa hiyo ukishuku vumbi, zima simu, pitisha brashi laini kavu tunduni, basi. Sindano usiiguse, inapinda pini za ndani. Jaribu waya mwingine na kichwa kingine cha chaja. Ikigoma, nenda kituoni kwanza. Kituoni kwanza, jamani!

Kuna kistika kingine, cha maji. Kwenye simu nyingi utakiona ukichomoa trei ya laini na kumulika tochi. Kikiwa salama ni cheupe. Kikilowa kinakuwa chekundu au cha waridi, na ukianika simu juani hakirudi. Kioo kilichopasuka nacho hakimo kwenye waranti, maana kuanguka si kasoro ya kiwanda. Betri na chaja mara nyingi zina muda mfupi kuliko simu yenyewe. Soma mstari wake.

Nani anatengeneza? Wengi wanakwenda kugombana na muuza duka. Duka linabadilisha simu ndani ya siku lilizoandika kwenye risiti, ikiwa na boksi na vifaa vyake vyote. Siku hizo zikipita, kazi ni ya kituo kilichoidhinishwa na kampuni. Kwa Tecno, Infinix na itel ni Carlcare. Wakiipokea, karatasi ya mapokezi iandikwe IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, na hali ya kioo kabla hujaondoka.

Muda unaniishia, nimalizie haraka. Kabla ya kulipa piga *#06#, linganisha tarakimu 15 za kwenye skrini na za boksi na kadi. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, zisome zote. Tarehe na muhuri wa duka viwepo. Risiti ya EFD ibane pamoja na kadi, halafu ipige picha siku hiyo hiyo: maandishi yake hufifia kwa joto, na mwezi wa nane unaweza kubaki na karatasi tupu.