Kabla hujasema "nahitaji sitini tu kwenye UE"

(Mazungumzo na wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili, wiki ya 13 ya semesta, yameandikwa kama yalivyosemwa)

Haya jamani tuanze, waliosimama mlangoni njooni mkae hata kwenye ngazi, saa mbili kuna kipindi cha watu wengine humu na watatufukuza.

CR wenu aliniambia niongelee maandalizi ya UE, huu mtihani wa mwisho wa semesta. Nikamwambia mimi nina jambo moja tu, wengine mshalisikia na mtalisikia tena leo. Nikikuuliza unataka grade gani kwenye kozi hii unajibu haraka, B plus, A. Nikikuuliza ili uipate inabidi upate ngapi kwenye UE, unaangalia dari. Au mbaya zaidi, unanitajia namba, kwa uhakika kabisa, na namba yenyewe sio.

Sasa nisimulie kile kisa. Najua mshakisikia, vumilieni.

Alikuja ofisini kijana mmoja baada ya matokeo kutoka, kanuna, kashika karatasi. Anasema mwalimu nimeonewa. Nikamwambia kaa, nionyeshe. Kwenye karatasi kaandika asaimenti 7, testi ya kwanza 18, testi ya pili 11, jumla 36. Kisha kaandika, kozi weki ni 40, mimi nina 36. Nataka B plus, B plus ni 60, 60 toa 36 ni 24, kwa hiyo UE nahitaji 24 kati ya 60, yaani 40 kwa 100. Hesabu safi, kapigia na mstari chini. Na kwa sababu alihitaji 40 kwa 100 tu, akasoma mada tatu kati ya sita, wenzake wakiwa vimbwetani usiku yeye kalala. Kwenye UE akapata 52 kwa 100, akafurahi kwamba amevuka. Kwa hesabu zake alitakiwa awe na 67. Sistimu ikamwonyesha 55, B.

Mnacheka. Haya, asaimenti ilikuwa kati ya ngapi? Kumi. Testi ya kwanza? Ilisahihishwa kati ya 30. Ya pili? Kati ya 20. Jumlisha hizo za chini: 10 na 30 na 20 ni 60. Kozi weki ni 40, wewe umekusanya maksi kutoka kwenye fungu la 60, ukaongeza na UE ya 60, yaani umejitengenezea kozi ya maksi 120! Hicho ndio kipimo nachowaambia kila siku na kinachukua sekunde kumi tu. Jumlisha za chini zote pamoja na UE, zisipofika 100 kamili au zikizidi, usiendelee, kuna kitu umechanganya.

Ukweli wake ulikuwa kwenye kozi autilaini aliyopewa wiki ya kwanza, ile karatasi mnayofungia maandazi. Asaimenti inabeba 10, testi ya kwanza inabeba 15, testi ya pili inabeba 15. Testi imesahihishwa kati ya 30 lakini inabeba 15, hivyo ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo watu wanapoumia. Kwa hiyo 7 kati ya 10 inabaki 7. 18 kati ya 30 ni asilimia 60, na asilimia 60 ya 15 ni 9. 11 kati ya 20 ni asilimia 55, na asilimia 55 ya 15 ni 8.25. Jumlisha sasa: 24.25. Sio 36. Ishirini na nne nukta mbili tano kati ya 40.

Sasa ndio unatafuta ya UE, na fomula yenyewe ni hii tu, iandikeni:

```
UE = (lengo - CW) / 0.6
```

CW ni kozi weki uliyokwisha kuipima, na 0.6 ni kwa sababu UE inabeba 60. Weka lengo la 60: toa 24.25 inabaki 35.75, gawa kwa 0.6, unapata 59.58. Huyu kijana alihitaji karibu 60 kwa 100 kwenye UE, yeye akajipangia 40. Na angepata hiyo 40 aliyoilenga, ile ile, angeishia na 48.25, ambayo kwa mizani yetu ni C. Kwa hiyo ile 52 yake ilimwokoa, na bado alikuja kunigombeza mimi.

Kuna mtu pale nyuma anatikisa kichwa, najua anachotaka kusema, kwamba yeye huwa anachukua wastani wa asilimia. 70, 60, 55, wastani 61.67, zidisha kwa 0.4 unapata 24.67. Imekaribia, ndio. Imekaribia kwa bahati tu, kwa sababu vitu vyako vyote vinabeba karibu sawa. Siku utakapokuwa na kwizi ya maksi 5 uliyopata 100 kwa 100 na testi ya 20 uliyopata 45 kwa 100, wastani utakwambia una 72.5 wakati ukweli una maksi 14 kati ya 25, ambayo ni 56. Wastani unaipa kwizi sauti sawa na testi. Usiutumie.

Mwingine atasema mwalimu si tusome tu, haya mahesabu ya nini. Jamani. Una kozi sita, una siku 9 za kujisomea, hutasoma zote kwa nguvu moja hata ukitaka. Utachagua, na kama huchagui kwa hesabu basi unachagua kwa uoga, kozi ya mwalimu mkali inakula siku zote halafu nyingine unaisoma usiku wa kuamkia pepa.

Haya, umepata 59.58. Hiyo namba bado haijakwambia kitu mpaka uiweke juu ya pepa lenyewe. Kwanza, unaipandisha, hupati 59.58 kwenye pepa, kwa hiyo ni 60. Ukipata 59, zidisha kwa 0.6 ni 35.4, jumlisha na 24.25 unapata 59.65. Je, hiyo ni 60 au 59? Inategemea chuo chako kinakadirisha au kinakata, na mimi sitaki grade yako ikae kwenye swali hilo, jiwekee maksi tatu juu na ulenge 63.

Pili, angalia pepa limekaaje. La kwetu hapa lina sekisheni A ya lazima maksi 40, halafu unachagua maswali matatu kati ya matano, kila moja maksi 20. Anayehitaji 60 anaweza kupata 24 kwenye sekisheni A na 12 kwenye kila swali, ni kazi ya mtu wa kawaida. Lakini muda ukikuishia ukajibu maswali mawili tu? Pepa lako sasa lina maksi 80, na bado unahitaji 60, yaani 75 kwa 100 ya kila ulichogusa. Umeona ilivyobadilika? Na yule yule akitaka A, 70 toa 24.25 ni 45.75, gawa kwa 0.6 ni 76.25, yaani 77. Akiruka swali moja inabidi apate 77 kati ya 80. Hiyo hakuna, hata mimi niliyetunga sijui kama ningepata. Kwa hiyo anayetaka A kwa kozi weki hiyo hana ruhusa ya kuacha mada, kwa sababu akiacha mbili kati ya sita na maswali matatu kati ya yale matano yakatoka humo, atakosa swali la tatu la kuchagua.

Muda unakwenda, ngoja nikimbie.

Maksi moja ya kozi weki ni sawa na maksi 1.67 kwenye pepa la UE, kwa sababu ni moja gawa kwa 0.6. Maksi 3 ulizoacha kwenye asaimenti kwa kuchelewa kukusanya, unazilipa kwa 5 za UE. Hii hesabu ilitakiwa ifanyike kabla ya testi ya pili, sio leo, lakini wa mwaka wa kwanza mna semesta ijayo. Wenye ndugu Kenya ambako vyuo vingi ni CAT, yaani kozi weki yao, 30 na mtihani 70, mnagawa kwa 0.7, mengine ni yale yale.

Kuna sharti la chini la UE. Mtu ana kozi weki 30, anataka C tu, 40 toa 30 ni 10, gawa kwa 0.6 ni 16.67. Anasema nitaandika jina na tarehe. Prospektasi ikisema UE yenyewe lazima ufikishe 40, basi jibu lako ni 40, fomula ikitoa ndogo kuliko sharti unachukua sharti. Wanaosapu hivi wapo kila mwaka na kozi weki zao nzuri kabisa.

Na kwenye sistimu mkiona testi imeachwa wazi, sio kwamba haihesabiwi. Mara nyingi mwishoni inaingia kama sifuri. Muulizeni mwalimu wa kozi wiki hii hii. Nilitaka niongelee na testi mbili bora kati ya tatu, na GPA na krediti, basi tena, wale wenye kipindi washafika mlangoni.

Swali moja. Ndio, dada wa kitenge.

Ana 15 kwenye kozi weki, anauliza A inawezekana? Piga na mimi. 70 toa 15 ni 55. Gawa kwa 0.6. 91.67, weka 92. Kwa hiyo kwenye pepa zima la maksi 100 unaruhusiwa kupoteza 8. Ukijipima na pasti pepa kwa saa, unapoteza ngapi? Thelathini. Sasa B plus kwako ni 45 gawa kwa 0.6, ni 75, na wewe unapata 70. Hapo pana maksi 5 za kutafuta, niambie ulizipoteza sekisheni gani, njoo na hilo pasti pepa nje tuliangalie wakati hawa wanaingia.