Kwa Nini Leso ya Njano Haikutokea: Mhadhara kwa Wachora Matangazo wa Nairobi

Habari za jioni, na asanteni kwa kuvumilia foleni ya Thika Road. Nimeombwa nieleze jambo ambalo wengi wenu mnalijua kwa uchungu. Unaiandikia programu ya kutengeneza picha agizo refu, picha inatoka nzuri kabisa, lakini yale uliyoyataja mwishoni hayamo. Unarudia na bado hayamo. Nitashikilia Stable Diffusion 1.5, kwa sababu ndiyo inayokubali kukimbia kwenye kompyuta za wengi wetu, zile zenye kadi ya michoro ya wastani tu.

Programu ile haisomi agizo lako yenyewe. Kuna kisomaji kinachoitwa CLIP, kilichotolewa na OpenAI mwaka 2021, ambacho hugeuza maneno kuwa namba kisha kuipa sehemu inayochora. Kisomaji hicho kina nafasi 77. Ya kwanza ni alama ya kuanza, moja nyingine ni alama ya kumaliza, kwa hiyo wewe umebaki na 75. Ni kama matatu ya abiria 14: wa 15 anabaki steji, hata kama ndiye mwenye haraka kuliko wote.

Sasa, nafasi hizo 75 si maneno 75. CLIP hukata maandishi vipande vipande, vinavyoitwa tokeni. Neno la Kiingereza linalotumika sana huwa tokeni moja. Neno geni hukatwa mara mbili, tatu au zaidi. Mkato nao ni tokeni, na kila tarakimu inahesabiwa peke yake, kwa hivyo ukiandika 1960 umeshalipa nne. Hapo ndipo watu wanapoishiwa bila kujua.

Tuchukue kazi yenyewe. Mteja anataka picha ya mama anayechoma mahindi kituoni, jioni baada ya mvua, matatu ya zambarau nyuma yake, na kichwani amejifunga leso ya njano. Leso ndiyo roho ya tangazo, maana njano ndiyo rangi ya bidhaa. Mchoraji akaanza hivi, kama tunavyoanza wengi:

```
masterpiece, best quality, highly detailed, sharp focus, 8k,
professional photography, award winning,
```

Hizo ni tokeni kama 20, zaidi ya robo ya nafasi zote, na mama bado hajatajwa! Halafu akaeleza barabara, maduka, mawingu, nguzo za stima, aina ya kamera na lenzi. Leso ikaja mwisho kabisa, nje ya zile 75. Haikudharauliwa. Haikusomwa.

Utajuaje? Kama unatumia Python, hesabu mwenyewe:

```python
from transformers import CLIPTokenizer
t = CLIPTokenizer.from_pretrained("openai/clip-vit-large-patch14")
ids = t(agizo).input_ids
print(len(ids) - 2)
print(t.decode(ids[76:-1]))
```

Weka maandishi yako kwenye `agizo`. Mstari wa nne unakupa idadi ya tokeni, na wa mwisho unakuonyesha kilichoachwa nje. Asiyetaka Python afanye hivi: ashikilie `seed`, yaani ile namba inayoanzisha picha, iwe ileile, ukubwa uleule, hatua zilezile, kisha afute yale maneno ya mwisho na kutengeneza picha upya. Picha ikitoka ileile, maneno yale yalikuwa yamekatwa. Ikibadilika, hata kama leso bado haipo, basi yalisomwa ila hayakuwa na nguvu. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa zake si moja.

Huo udhaifu unatoka wapi? CLIP ilifunzwa kwa picha za mtandaoni pamoja na maelezo yake, na maelezo ya aina hiyo huwa mafupi mno. Nafasi za mwanzo ziliona maneno mara nyingi sana. Zile za mbali hazikupata mazoezi ya kutosha. Watafiti waliotoa kazi ya Long-CLIP mwaka 2024 walikuta kwamba sehemu inayofanya kazi vizuri hata haifiki tokeni 20. Kwa hiyo kukaa ndani ya 75 hakutoshi, ukiwa wa 60 unasikika kwa mbali.

Mpangilio ninaoufuata mimi ni huu: kwanza nani au nini, na anafanya nini. Pili, kile ambacho kikikosekana mteja atarudisha kazi. Tatu vilivyo nyuma, halafu mwanga, na mtindo wa picha mwishoni kwa neno moja au mawili. Mtindo ukikatika, picha bado inauzika.

```
woman roasting maize on charcoal at a Nairobi bus stop,
bright yellow headscarf, purple minibus in the background,
wet road, dusk, photo
```

Mtaona sikuandika leso wala matatu. Kisomaji hiki hakijayaona vya kutosha, kitayakata vipande na kubahatisha. Rangi nayo nimeibandika kwenye kitu chake. Hata hivyo nisiwadanganye: wakati mwingine zambarau itahamia kichwani na njano ikaenda kwenye gari. Kila neno hubeba ndani yake yaliyolitangulia, kwa hiyo rangi huvuja, na mpangilio hupunguza tu. Hapo utatengeneza kadhaa uchague, au upake upya sehemu ile peke yake.

Kuna wanaoiendesha Stable Diffusion kwa kupitia ile programu ya AUTOMATIC1111. Yenyewe haitupi maneno ya ziada. Hukata agizo katika mafungu ya tokeni 75, kila fungu linasomwa kivyake, kisha yanaunganishwa. Kwa hiyo tokeni ya 76 inakuwa ya kwanza katika fungu la pili na inapata nguvu tena. Shida ni kwamba fungu la pili halijui la kwanza lilisema nini. Ukitaka kuchagua mwenyewe pa kukatia, andika `BREAK`. Unaweza pia kuongeza uzito, `(yellow headscarf:1.3)`, lakini ukipanda sana picha inaungua na rangi zinapiga kelele. Na uzito ni wa programu zinazouelewa. Penginepo mabano na namba vinasomwa kama maandishi na kula nafasi zako.

Programu za picha zilizokuja baada ya 1.5, kama Flux na Stable Diffusion 3, zina kisomaji kingine pia, T5, kinachochukua maelezo marefu zaidi na kusoma sentensi nzima mbele na nyuma. Huko andika kwa sentensi za kawaida, ile orodha ya sifa iache. Ukiona onyo la tokeni 77 kwenye Flux usishtuke, ni CLIP inayolalamika na T5 inaendelea kusoma.

Dada pale nyuma ameuliza kama anaweza kuandika kwa Kiswahili. Kwa 1.5, dada yangu, utaishiwa mapema, kwa sababu maneno yetu yanakatwa vipande vingi na maana yenyewe haishikwi. Panga mawazo kwa Kiswahili, kisha geuza.

Na kaka ameuliza kwa nini akiandika mwishoni kwamba hataki bodaboda ndipo zinapojaa. Kisomaji kinashika pikipiki, neno la kukataa kinalipita. Liondoe hapo, andika `motorcycle` kwenye kisanduku cha `Negative prompt`. Kisanduku kile kina nafasi zake 75, hakili za agizo lako.