Benki ikifungwa, laki tano ni kwa mtu, si kwa akaunti

MWANAISHA: Kenya, Shirika la Bima ya Amana hulipa hadi shilingi 500,000 benki ikifilisiwa. Kabla ya Julai 2020 ilikuwa 100,000. Lakini watu wengi huisoma vibaya hiyo laki tano.

KARIUKI: Vipi? Mimi nikiwa na akaunti tatu, si ni laki tano mara tatu?

MWANAISHA: Hapo ndipo watu huteleza. Akaunti zako zote kwenye benki moja hujumlishwa kwanza. Halafu unachodaiwa na benki hiyo kinaondolewa. Kinachobaki ndicho kinachopimwa na laki tano.

KARIUKI: Tupige hesabu basi. Mteja ana 420,000 kwenye akiba na 300,000 kwenye akaunti ya muda maalumu. Jumla 720,000. Ana mkopo wa 150,000 hapo hapo.

MWANAISHA: Toa mkopo, zinabaki 570,000. Bima inamlipa 500,000. Zile 70,000 anazidai kwa mfilisi, anayeuza mali ya benki na kukusanya mikopo yake. Hizo huja kidogo kidogo, na huenda zisitimie zote.

KARIUKI: Na kama zile 300,000 angeziweka benki nyingine?

MWANAISHA: Benki ya kwanza ingebaki na 420,000, toa 150,000, zikawa 270,000. Zote zimo ndani ya kinga, na zile za benki ya pili zina kinga yake. Ila ziwe benki mbili kweli. Matawi mawili ya benki moja hayaongezi chochote.

KARIUKI: Haya, benki imefungwa Jumanne. Jumatano naenda kuchukua changu?

MWANAISHA: La, bwana. Bima hulipa wateja pale benki inapoingia kwenye ufilisi. Kabla ya hapo inaweza kuwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayetafuta kama itaokoka au kuuzwa. Wakati huo pesa zaweza kuzuiliwa. Imperial Bank iliwekwa chini ya mrasimu Oktoba 2015, na uamuzi wa kuifilisi ukaja Desemba 2021.

KARIUKI: Miaka sita!

MWANAISHA: Katikati wateja walilipwa sehemu kwa mipango maalumu, lakini mwenye karo ya kulipa Januari hakufarijika sana. Kwa hiyo pesa ya mwezi huu na ujao usiiweke yote benki moja, hata kama iko chini ya laki tano.

KARIUKI: Sacco je?

MWANAISHA: Shirika hili linahusu benki za biashara, benki za mikopo midogo na kampuni za mikopo ya nyumba zilizopewa leseni na Benki Kuu. Sacco haimo. Hisa na hazina za uwekezaji pia hazimo, hata ukiwa umeuziwa kwenye kaunta ya benki.

KARIUKI: Na ada ya bima?

MWANAISHA: Benki ndiyo hulipa. Mtu akikupigia simu akitaka ada ili ulipwe fidia, kata.