Wanaosha Nyavu Zao: Mhadhara juu ya Lectio Divina, Kigoma

Tumsifu Yesu Kristo.

Mwenyekiti wa walei ameniomba niwaeleze Lectio Divina, yaani kusoma Biblia polepole kwa sala, watu ambao hawajawahi kuifanya, akanipa saa moja. Nusu saa nitaongea mimi, na nusu iliyobaki mtaifanya wenyewe, kila mtu na Biblia yake, maana jambo hili halishikiki kwa kusikiliza tu. Waliokuja na daftari waandike kidogo.

Niondoe kwanza mkanganyo mmoja. Wengi wenu mmezoea kushirikishana Neno kwenye jumuiya: tunasoma Injili, kila mmoja anasema limemgusa vipi, kisha tunapanga tutamtembelea mgonjwa gani. Ni vizuri, endeleeni. Lakini pale unasoma huku ukijua zamu yako ya kusema inakuja. Kwenye Lectio Divina hakuna atakayekuuliza umepata nini. Wala si darasa la Biblia, ingawa darasa linasaidia, kama mtakavyoona.

Ni usomaji wa watawa wa zamani. Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliwapangia wamonaki wake saa za kusoma kila siku, kando ya saa za kazi za mikono. Iko kwenye sura ya 48 ya Kanuni yake, na humo kuna maneno yanayonifurahisha: baada ya chakula cha mchana mtu apumzike kitandani kimya, au akitaka kusoma, asome bila kumsumbua mwenzake. Kumbe walikuwa wanasoma kwa sauti! Tena anaagiza mzee mmoja au wawili wazunguke saa za kusoma, wasije wakamkuta ndugu anapiga soga. Kwa hiyo wewe ambaye mawazo yako hutoroka ukifungua Biblia, una wenzako wa tangu karne ya 6.

Hatua nne tunazozitumia leo zilipangwa vizuri na mmonaki Mkartusi wa karne ya 12, Guigo wa Pili, mkuu wa tisa wa monasteri ya Grande Chartreuse kule Ufaransa. Alimwandikia barua ndugu mmoja aitwaye Gervasi, akimwelezea ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali na kutaamali, yaani kutulia kimya mbele ya Mungu. Kwa maneno yake, kusoma ni kukitia chakula kinywani, kutafakari ni kukitafuna, kusali ni kupata ladha yake, na kutaamali ni ule utamu wenyewe. Papa Benedikto wa 16 alizirudia hatua hizo mwaka 2010 katika waraka wa Verbum Domini, akaongeza kwamba zoezi haliishi mpaka lifike kwenye matendo.

Tuchukue andiko moja tupande nalo: Luka 5, aya ya 1 hadi ya 11. Nimelichagua kwa sababu ya mahali tulipo. Angalieni pia urefu wake, aya kumi na moja tu. Anayeanza asizidishe hapo, na hata tano zinatosha. Msifungue Biblia kwa kubahatisha, kidole kikaangukia popote. Fuateni Injili ya siku, au chukueni Injili moja muiendee kipande kwa kipande. Ukijichagulia andiko kila siku, utajikuta unarudi kwenye yale matano uliyoyazoea.

Hatua ya kwanza, kusoma. Kaa wima, zima simu, omba Roho Mtakatifu kwa maneno machache. Kisha soma kwa sauti ndogo, kwa mwendo wa mtu anayemsomea mzee barua iliyotoka kwa mwanawe. Ukimaliza, rudia. Mara ya kwanza tunasikia kile tulichokwisha kukijua: ahaa, ile ya samaki wengi. Mara ya pili ndipo maneno yaliyokuwa yamejificha yanaanza kuonekana.

Jiulize andiko linasema nini, kabla ya kujiuliza linakuambia nini wewe. Hapa ndipo darasa linaposaidia, na hapa Kigoma mna darasa ambalo maprofesa wengi hawana. Ni asubuhi, kando ya ziwa la Genesareti. Luka anasema vyombo viwili vimekaa kando ya ziwa, "lakini wavuvi wametoka, wanaosha nyavu zao." Nendeni mwalo wa Kibirizi asubuhi mtawaona watu hao: wamekesha na taa ziwani, macho mekundu, wanataka kumaliza kazi wakalale. Sasa Simoni, mvuvi wa namna hiyo ambaye usiku kucha hajapata kitu, anaombwa kwanza ampeleke mhubiri majini kidogo, akae na chombo mpaka mahubiri yaishe. Kisha anaambiwa, "Tweka mpaka kilindini, mkashushe nyavu zenu mvue samaki." Mchana! Na nyavu zimeshaoshwa! Mvuvi anaelewa ombi hilo lina uzito gani, na anaelewa kwa nini Simoni anaanza kwa kueleza uchovu wake kabla ya kukubali.

Usiiruke sehemu hii. Guigo anaonya kwamba kusoma bila kutafakari ni kukavu, na kutafakari bila kusoma huelekea kupotea. Nimewahi kusikia tafakari nzuri sana zilizojengwa juu ya jambo ambalo halimo kwenye andiko kabisa.

Hatua ya pili ndiyo inayowashinda wengi, nayo nitaikalia.

Katika kusoma kwako mara ya pili au ya tatu, neno moja au sentensi moja itakuvuta. Si lazima uwe mvuto mkubwa. Pengine ni kukwaruzwa tu, au kuudhika, au kushangaa kwamba hukuwahi kuliona. Simama hapo hapo, usimalizie aya zilizobaki. Lirudie neno hilo polepole, kimoyomoyo au kwa midomo, mpaka ulijue kwa kichwa.

Tuseme umevutwa na "wanaosha nyavu zao." Wengi wangetarajia uvutwe na "tweka mpaka kilindini," kwa kuwa hilo ndilo tunalolisikia kwenye mahubiri na kuliona kwenye fulana za vijana. Acha, lako ni hili la kuosha. Lirudie. Wanaosha nyavu zao. Nyavu ambazo hazikupata kitu. Kumbe wavu usiopata samaki nao huoshwa, kwa kazi ile ile, kwa maji yale yale. Na Yesu anawakuta hapo. Hakuwakuta wanavua wala wanasali, amewakuta kwenye kazi ya kumalizia usiku mbaya.

Sasa iache kumbukumbu yako ije. Je, na mimi wiki hii nilikuwa na wavu wa namna hiyo? Labda ni biashara uliyofunga hesabu zake bila faida. Labda ni mtoto uliyemhangaikia usiku, na asubuhi hali yake ni ile ile, nawe ukaamka ukafua nguo zake kama kawaida. Usilazimishe. Likija tukio moja, liweke kando ya lile neno, uvitazame vyote viwili pamoja.

Sasa hatari yenyewe. Ukijisikia unasema "sisi Wakristo tunapaswa," jua umeshaacha kutafakari na umeanza kuandaa mahubiri. Ukimfikiria jirani ambaye andiko hili lingemfaa kweli kweli, ni dalili ile ile. Makatekista, na sisi tunaofundisha, ndio wagonjwa wakubwa wa ugonjwa huu, maana kila andiko kwetu ni somo la Jumapili ijayo. Dawa yake ni kurudi kwenye lile neno moja na kulirudia kwa sauti. Haina haja ya kujilaumu.

Hatua ya tatu hutaianzisha kwa saa. Utaitambua pale ambapo ulikuwa unasema "Yesu aliwakuta," halafu unajikuta unasema "Wewe umenikuta." Hapo umeanza kusali. Sema yaliyopo. Simoni mwenyewe hakuanza na sifa, alianza na malalamiko: "tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu." Kisha akasema, "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Kama wewe leo umefikia nusu ya kwanza tu ya sentensi hiyo, sali nusu hiyo. Usimalizie ile ya pili kwa kuwa inapendeza. Mungu anasikia pia sala iliyoishia katikati.

Hatua ya nne nina machache ya kusema, na yeyote atakayewaeleza mengi mumsikilize kwa tahadhari. Maneno yanapoisha, usitafute mengine. Kaa. Kutaamali hakupatikani kwa mbinu, ni zawadi. Sehemu yako ni kunyamaza dakika kadhaa na kutokimbia. Akili ikitangatanga, litaje lile neno mara moja, kisha nyamaza tena. Siku nyingi hutahisi chochote, na hiyo si dalili kwamba umekosea. Ukianza kupima sala yako kwa machozi au kwa joto moyoni, utaanza kuyatengeneza. Mwishoni shukuru, ondoka na lile neno, na uamue jambo moja dogo la kufanya siku hiyo.

Yote haya yanachukua nusu saa hivi. Usingizi ukikushika, soma ukiwa umesimama, au badili saa. Anayekesha ziwani asijitese asubuhi, afanye jioni kabla ya kutoka.

Jambo moja zaidi, halafu maswali. Neno lililokugusa ni chakula chako cha siku hiyo. Halikupi mamlaka ya kumwambia mtu mwingine "Mungu ameniambia uolewe na fulani" au "uache dawa za hospitali." Likikuelekeza kwenye uamuzi mzito, lipeleke kwa padre au mtu mwenye busara kabla ya kufanya lolote. Na likikuacha na hofu isiyokwisha au ukijichukia, simamisha zoezi, ongea na mtu.

Naam, mama pale nyuma. Anauliza: asiyejua kusoma afanyeje?

Asante, mama. Usomaji huu ulianzia kwenye masikio. Kanuni ya Pakomi, huko Misri katika karne ya 4, ilitaka kila mmonaki ajue kwa kichwa angalau Zaburi na Agano Jipya, ili ayarudie mdomoni akiwa kazini. Kwa hiyo mjukuu akusomee aya tano, polepole, mara mbili. Usimwache akimbie, watoto husoma kama wanafukuzwa. Mwambie arudie ile sehemu iliyokuvuta mpaka uishike. Kisha mruhusu akacheze, nawe endelea kuchambua dagaa wako huku ukilirudia. Kuanzia hapo hatua ni zile zile, na Biblia huihitaji tena mpaka kesho.

Wengine fungueni Luka 5. Tutasoma kwa sauti ndogo, kila mtu kwa mwendo wake, na msijali kelele za jirani.