Nani Amebeba Mzigo? Herufi Kubwa na Miisho ya Maneno katika Barua ya Kijerumani ya Kuomba Kazi

Habari za jioni. Najua wengi wenu hapa mnaandika barua ya kuomba nafasi ya mafunzo ya uuguzi Ujerumani, na wengine mmeshaiandika mkafika mahali mkakwama. Leo sitawafundisha Kijerumani kizima. Nataka tukae na barua moja tu, fupi, tuipasue kama samaki. Nimeitunga mwenyewe, lakini kila kosa lililomo nimeshalikuta kwenye barua za kweli nilizoletewa nizisahihishe. Someni ubaoni:

Sehr geehrte damen und herren,
Mit große Interesse habe ich ihre Anzeige gelesen. Hiermit bewerbe Ich mich bei ihnen um eine Ausbildungsplatz als Pflegefachfrau. Seit ein Jahr arbeite ich in ein Krankenhaus und helfe die Patienten bei waschen. Über eine Einladung zu ein persönliches Gespräch freue ich mich.
Mit Freundliche Grüße

Mwandishi anasema amelisoma tangazo lao kwa hamu, anaomba nafasi, amefanya kazi hospitalini mwaka mmoja, anawasaidia wagonjwa kuoga, na atafurahi akiitwa kwa mazungumzo. Mjerumani ataelewa yote. Tatizo ni kwamba nafasi anayoiomba ni ya kuandika taarifa za wagonjwa kila zamu, na msomaji wa barua anajiuliza taarifa hizo zitasomekaje.

Tuanze na herufi kubwa, maana ndiyo nyepesi. Kijerumani huandika kila nomino kwa herufi kubwa, popote ilipo katika sentensi. Siyo majina ya watu na miji tu kama kwetu. Meza, ugonjwa, subira, vyote. Wadenmaki walikuwa na desturi hiyo hiyo wakaiacha mwaka 1948. Wajerumani wameing'ang'ania. Sisi tulipolichukua neno lao Schule tukapata shule, ile S kubwa tuliwaachia wenyewe. Kwa hiyo mstari wa kwanza lazima uwe Damen und Herren: mabibi ni nomino, mabwana ni nomino, na geehrte ni kivumishi, kinabaki chini.

Sasa tazameni neno Mit baada ya salamu. Kwa Kiingereza tulichofundishwa shuleni, mstari unaofuata salamu huanza kwa herufi kubwa. Kwa Kijerumani salamu inaishia kwa mkato, na mkato haujamaliza sentensi, basi kinachofuata ni mit, kwa herufi ndogo. Hapa hata kompyuta yako ni adui: ukishuka mstari mpya, inaiinua herufi yenyewe bila kukuuliza. Rudi uishushe. Ila neno la kwanza likiwa nomino, au likiwa Ihre, litabaki kubwa kwa haki yake lenyewe.

Hiyo Ihre ndiyo kosa zito kuliko yote katika barua hii, na watu huliona dogo. Mwandishi ameandika ihre Anzeige, kwa i ndogo. Maana yake si tangazo lenu. Maana yake ni tangazo lake yule mwanamke, au tangazo la wale watu wengine. Kijerumani humheshimu unayezungumza naye kwa Sie, Ihnen, Ihr, zote kwa herufi kubwa. Zikiwa ndogo zinamhusu mtu wa tatu. Vivyo hivyo bei ihnen: anaomba nafasi kwa wale, siyo kwenu. Wale akina nani? Wakati huo huo mwandishi amejikweza mwenyewe kwa kuandika Ich katikati ya sentensi. Hiyo ni tabia ya Kiingereza, ambako mimi huandikwa kwa herufi kubwa. Kijerumani kinafanya kinyume: mimi niko chini, wewe uko juu. Kwa mtu aliyelelewa na shikamoo hili halihitaji kukaririwa.

Halafu kuna waschen. Umefundishwa ni kitenzi, kuosha, na vitenzi havipandi. Kweli. Lakini tazameni Kiswahili. Tunaposema "kuimba kwake kunapendeza", ile kuimba imeacha kuwa tendo, imekuwa jina, na ndiyo maana imepata ngeli yake na kuvuta kwake na kunapendeza. Wajerumani wana jambo hilo hilo, ila wao hulionyesha kwa herufi kubwa. Dalili ni kile kilichotangulia: bei ikikutana na dem inakuwa beim, na hakuna kitenzi kinachotembea na dem. Basi ni beim Waschen, wakati wa kuogeshwa. Lakini ukiandika ich helfe ihm, sich zu waschen, namsaidia aoge, hapo kuna zu tu, ni kitenzi, kinabaki chini.

Tuingie kwenye miisho, na hapa naomba mnivumilie.

Kiswahili hakibadilishi mgonjwa akiwa anatenda au anatendewa. Mgonjwa amelala, nimemwona mgonjwa, nimempa mgonjwa dawa: neno ni lile lile, kazi yote inabebwa na kitenzi. Kijerumani kimeuondoa mzigo huo kwenye kitenzi kikauweka kwenye vineno vinavyotangulia nomino. Yule anayetenda yuko katika nominativu, anayetendewa katika akusativu, na anayepokea au kufanyiwa yuko katika dativu. Ipo na genitivu ya umiliki, lakini barua yetu haina, tuiache ilale.

Kuna jambo moja ambalo likikukaa nusu ya makosa haya yataondoka. Kwetu, upatanisho unarudiwa na kila mtu: kitabu kikubwa kile kimoja, ki, ki, ki, ki, msafara mzima umevaa sare. Kijerumani ni kama wapagazi wenye mzigo mmoja: lazima mmoja aubebe, na akishaubeba, wengine wanapumzika. Alama ya dativu kwa nomino za der na das ni ile m iliyo mwishoni mwa dem. Tazameni mit. Hiki kihusishi daima kinataka dativu. Interesse ni ya das. Nani atabeba m? Hakuna ein, hakuna der, kuna kivumishi peke yake. Basi mzigo ni wake: mit großem Interesse. Sasa nenda chini, zu ein persönliches Gespräch. Zu nayo daima ni dativu, Gespräch ni ya das. Safari hii ein yupo mbele, basi yeye ndiye mpagazi: einem. Kivumishi kinapumzika, na mapumziko yake ni -en: zu einem persönlichen Gespräch. Mwandishi wetu alijua kwamba das inahusika, ndiyo maana akaweka -es. Alikumbuka jinsia akasahau kihusishi. Hilo ni kosa la mtu anayejifunza vizuri, kwa kweli.

Kwa mantiki hiyo seit ein Jahr inakuwa seit einem Jahr, kwa sababu seit pia ni mtu wa dativu. Wenzake ni aus, bei, mit, nach, von, zu. Neno in lina hulka mbili: ukieleza mahali ulipo ni dativu, ukieleza unakoelekea ni akusativu. Mwandishi anafanya kazi hospitalini, haingii hospitalini, basi ni in einem Krankenhaus.

Um yeye ni wa akusativu siku zote. Hapa mwandishi ameandika um eine Ausbildungsplatz, na naona alikotokea: Ausbildung ni ya die, akaiwekea eine. Lakini neno la Kijerumani lililoungwa linafuata jinsia ya kipande cha mwisho. Platz ni der. Akusativu ya ein kwa der ni einen, kwa hiyo um einen Ausbildungsplatz. Na hapa kuna nafuu ambayo walimu husahau kuitaja: katika akusativu ni der peke yake anayebadilika. Die, das na wingi hubaki vilivyokuwa. Ndiyo sababu über eine Einladung iko salama, ingawa mwandishi huenda amepatia kwa bahati.

Wagonjwa sasa. Helfe die Patienten. Kwa Mjerumani, msaada hutolewa kwa mtu, kwa hiyo helfen inataka dativu, na dativu ya wingi ni den: helfe den Patienten. Mswahili ana kidokezo. Kusaidia kina -ia, kama kuandikia na kuletea, ile kauli ya kutendea. Mara nyingi palipo na mtu anayefanyiwa jambo kwa -ia, Kijerumani kina dativu. Lakini msiiamini kupita kiasi. Tunasema kumpigia mtu simu, ile -ia ipo, na bado Mjerumani anasema ich rufe Sie an, akusativu. Hiyo ni fimbo ya kutembelea gizani, siyo taa.

Mwisho wa barua, Mit Freundliche Grüße. Kivumishi kinashuka, freundlichen. Mit inataka dativu, tuko kwenye wingi, na wingi wa dativu una tabia ya pekee: hata nomino yenyewe inaongezewa n, isipokuwa ile ambayo wingi wake unaishia kwa n au s tayari. Patienten ilikuwa nayo, ndiyo maana hatukuona badiliko. Grüße haina, basi Grüßen. Mit freundlichen Grüßen, kisha hakuna mkato, unashuka unaweka jina lako. Kama barua inaenda Uswisi, andika Grüssen kwa s mbili. Wao ile ß hawaitumii.

Barua yetu sasa inasomeka hivi:

Sehr geehrte Damen und Herren,
mit großem Interesse habe ich Ihre Anzeige gelesen. Hiermit bewerbe ich mich bei Ihnen um einen Ausbildungsplatz als Pflegefachfrau. Seit einem Jahr arbeite ich in einem Krankenhaus und helfe den Patienten beim Waschen. Über eine Einladung zu einem persönlichen Gespräch freue ich mich.
Mit freundlichen Grüßen

Ukiwa nyumbani, usiihakiki barua yako kwa kuisoma kutoka juu hadi chini, maana utaisoma ulichokusudia badala ya ulichoandika. Chukua kalamu, zungushia kila kihusishi. Kutoka hapo piga mstari hadi kwenye nomino yake, andika juu yake der, die au das, kisha tafuta kati yake ni nani amebeba mzigo. Ukikuta hakuna, umelipata kosa. Ukikuta wawili wanaubeba baada ya ein au der, kama einem großem, umelipata jingine.

Naona mkono kule nyuma.

"Mwalimu, tangazo limemtaja bwana Weber. Nimeandika Herr Weber kwenye anwani, rafiki yangu anasema ni Herrn. Nani yuko sahihi?"

Rafiki yako. Kwenye anwani barua inapelekwa kwake, anapokea tendo, na Herr ni katika yale maneno machache ya der yanayojiongezea n hata yakiwa umoja: Herrn Weber. Lakini kwenye salamu unamwita mwenyewe uso kwa uso, hakuna anayemtenda, basi ni Sehr geehrter Herr Weber, bila n. Angekuwa bibi, ungeandika Sehr geehrte Frau Weber, na juu kwenye anwani ingebaki Frau Weber hivyo hivyo. Herrn juu, Herr chini, karatasi moja.