Kodi ya jaruba kabla mpunga haujatoa masuke

Ndugu zangu wa Mbarali, ninyi wenye mashamba na ninyi mnaokodi, nianze na kosa ninaloliona kila mwaka hapa Usangu. Mwenye shamba anakuja kupanga kodi ya msimu ujao akiwa amesimama mbele ya marundo ya mpunga uliovunwa. Anapanga kwa macho. Msimu ujao hauna ahadi ya kufanana na huo.

Tuhesabu ekari moja. Namba hizi ni za mfano, kila mtu aweke zake. Chukua misimu mitano: miwili inatoa gunia 25, miwili gunia 18, na mmoja maji yanachelewa, kwelea kwelea wanashuka, unaambulia 8. Jumla ni 94, wastani gunia 18.8. Gunia likiuzwa 80,000 wakati wa mavuno, ukitoa 10,000 za kuvuna, kupiga na mfuko, linabaki 70,000. Hapo una 1,316,000. Kulima, kuvuruga, mbegu, kupandikiza, mbolea, palizi na kuamia ndege tuseme 700,000. Zinabaki 616,000, na hizo ndizo za kugawana.

Kodi ikiwa 400,000 taslimu, mkulima anabaki na 216,000 kwa wastani. Lakini tazama ule msimu wa gunia 8. Anapata 560,000, gharama tu zimeshamzidi 140,000, ukiongeza kodi amepoteza 540,000. Anahitaji misimu miwili na nusu ya wastani kuziba pengo hilo, na wengi hawana mtaji wa kusubiri. Ndiyo maana unawaona wanahama.

Mimi napendekeza hivi: 200,000 mbele, kisha gunia 3 baada ya kuvuna, iwapo ekari imetoa zaidi ya 12. Misimu minne kati ya mitano gunia hizo zitatoka, kwa hiyo mwenye shamba anapata wastani wa 392,000. Amepungukiwa 8,000 tu. Mkulima naye, mwaka mbaya, hasara yake inashuka kutoka 540,000 hadi 340,000. Na mwenye shamba akiwa na stoo, gunia zake anaweza kuzihifadhi akauza bei ikipanda.

Ugomvi hapa huanzia kwenye kupima. Andikeni gunia ni debe sita, si lumbesa, na mwenye shamba awepo siku ya kupiga, au amtume mtu wanayemwamini wote wawili.

Kuhusu kuongeza mkataba, zungumzeni mpunga ukiwa haujatoa masuke, wakati hakuna anayejua rundo litakuwa kubwa kiasi gani. Anayelima apewe nafasi ya kwanza hadi tarehe iliyoandikwa. Ikipita bila malipo ya mbele, shamba liko huru. Asiyejua kama atarudi hazibi kingo za majaruba wala hasawazishi ardhi, na mwakani maji yatasimama upande mmoja, upande mwingine ukauke.