Sarafu ya Ali bin al-Hasan: mhadhara kuhusu hakika, tafsiri na maoni

Asanteni kwa kunikaribisha. Walioniita wanasema wengi wenu mnaandika historia za miji yenu, na kwamba mnakwama mnapotaka kutumia kitabu au makala kama ushahidi. Basi leo sitapita huku na huko. Nimeandika aya moja ubaoni, nasi tutakaa nayo. Nimeitunga mwenyewe, lakini aya za namna hii mmezisoma mara nyingi:

"Kilwa ilianza kutawaliwa na Washirazi mwaka 1200 hivi, chini ya Ali bin al-Hasan. Walikuja na majahazi saba, wakakinunua kisiwa kwa nguo. Kabla yao watu wa pwani waliishi maisha duni, bila dini wala ustaarabu."

Angalieni vitenzi: ilianza, walikuja, waliishi. Vyote vina "-li-", vyote vimesimama kifua mbele. Katika mazungumzo Kiswahili kina njia nzuri za kujikinga. Tunasema "ati", "inasemekana", "yaelekea". Mwandishi anapoviondoa hivyo vineno, jambo lililochimbuliwa ardhini, jambo alilolikisia na jambo analolipenda moyoni yanatoka yamevaa kanzu moja. Kazi ya msomaji ni kuzivua kanzu.

Tuanze na ule mwaka 1200, maana ndio ulionidanganya mimi. Nimewafundisha wanafunzi mwaka huo kwa muda mrefu, nikiuandika ubaoni bila hata ile "hivi".

Mwaka huo umetoka wapi? Kuanzia mwaka 1960 mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani kwa miaka kadhaa, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1974. Huko Kilwa, na Kisiwani Mafia pia, zimepatikana sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan. Sarafu za Kilwa ni za kupendeza: upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili huwa na vina kama shairi. Lakini hizi za shaba zina upungufu mmoja mkubwa kwetu. Hazina mwaka.

Sasa tenganisheni. Kwamba sarafu ipo, kwamba imeandikwa jina hilo, kwamba ilitoka katika tabaka fulani la udongo pamoja na vigae vya aina fulani: hayo ni mambo ya hakika. Mtu mwingine akitilia shaka, anaweza kuangalia sarafu yenyewe na michoro ya machimbo. Chittick alitazama tabaka na vigae vya vyombo vilivyoletwa kutoka ng'ambo, akalinganisha na sehemu nyingine, akasema utawala wa Washirazi ulianza mwishoni mwa karne ya 12. Hiyo ni tafsiri. Ilikuwa tafsiri nzuri, ya mtu aliyeijua kazi yake, na ndiyo maana ilienea. Ila mwaka 1200 haukuchimbuliwa Kilwa. Ulifikiwa kwa hoja.

Mwaka 1984, kisiwani Pemba, mahali paitwapo Mtambwe Mkuu, ikapatikana akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za Waislamu za kaskazini. Dinari zile zina miaka. Ya karibuni kabisa ni ya 1066 hivi. Na katika zile za fedha, miongoni mwa majina ya watawala wa huku kwetu, limo jina la Ali bin al-Hasan.

Mnaona kilichotokea? Kama aliyefukia akiba ile aliifukia katika karne ya 11, au muda mfupi baadaye, basi huyo Ali hawezi kuwa mtu wa 1200. Mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake wakamrudisha nyuma zaidi ya karne moja. Lakini hakuna sarafu ya Chittick iliyogeuka kuwa ya uongo. Shaba ile ile, jina lile lile, tabaka lile lile. Kilichovunjika ni daraja kati ya sarafu na mwaka.

Ndiyo maana nasema tafsiri haistahili imani ya aina moja na jambo la hakika. Jambo la hakika naliuliza: nani aliliona, na mimi naweza kulionaje? Tafsiri naiuliza swali tofauti: daraja lako limejengwa kwa nguzo zipi, na kipi kikipatikana kesho litaanguka? Mwandishi asiyeweza kulijibu hilo la pili hana tafsiri, ana dhana tu.

Na msifikiri ya Mtambwe ni hakika tupu. Sarafu za Pemba ni za fedha, za Kilwa ni za shaba. Kusema kwamba Ali bin al-Hasan wa fedha ndiye Ali bin al-Hasan wa shaba, na kwamba huyo ndiye Ali wa hadithi ya majahazi, hizo ni hatua mbili za tafsiri. Mimi nazikubali, maana jina na baba vinalingana na mahali ni jirani. Lakini ukihesabu watu wote wa pwani walioitwa Ali, mwana wa Hasan, utaona kwa nini nasema "nazikubali" na sisemi "najua".

Twende kwenye majahazi. Hadithi ya kuanzishwa kwa Kilwa imetufikia kwa njia mbili. Moja ni ya Kiarabu, iliyotungwa karne ya 16, na nakala yake tuliyo nayo ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877. Nyingine imo katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichochapishwa mwaka 1552. Ya Kiarabu inasema walitoka Shirazi, Uajemi, baba na wana sita, kwa majahazi saba, kila moja likatia nanga mahali pake: Mombasa, Pemba, Kilwa, hadi Anjouan huko Komoro. Barros anasema Ali alitoka Hormuz na majahazi mawili.

Hapa watu wengi huteleza, hata wasomi. Wanauliza: saba au mawili? Kabla ya swali hilo kuna lingine: jambo la hakika hapa ni lipi? Ni kwamba maandishi ya Kiarabu yanasema saba na Barros anasema mawili. Hilo nalithibitisha kwa kuyafungua. Kwamba kulikuwa na majahazi yoyote karne tano kabla ya kuandikwa, hilo silithibitishi kwa kuyafungua maandishi hayo. Kwa hiyo katika hoja yako sentensi "masimulizi ya Kilwa yanasema walikuja na majahazi saba" inasimama imara. Sentensi "walikuja na majahazi saba" inayumba. Tofauti ni maneno manne tu, na nimeona insha zikianguka kwa kuyakosa.

Hata shahidi wa macho anahitaji kupimwa hivyo. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akasema ni katika miji mizuri kuliko yote na imejengwa vizuri. Hayo ya uzuri ni maoni, lakini ni maoni ya mtu aliyekwisha kuona Kairo na Dameski, kwa hiyo siyatupi. Yaliyobaki yananishangaza zaidi: anasema nyumba za Kilwa zote ni za mbao. Hilo limesemwa kama jambo la hakika, na ninyi mkienda Kilwa leo mtagusa mawe ya matumbawe ya Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kwanza ilikuwapo kabla hajazaliwa. Alisimulia safari zake zikaandikwa karibu robo karne baada ya kupita hapa. Labda kumbukumbu ilichanganyika, labda alizungumzia nyumba za watu wa kawaida, labda mwandishi alikosea. Zote hizo ni tafsiri. Lakini mnaona kwamba maoni yake yamesimama vizuri kuliko taarifa yake.

Imebaki sentensi ya tatu ya ubaoni. "Maisha duni, bila dini wala ustaarabu." Haina daraja, haina sarafu. Ina hukumu. Hata neno "ustaarabu" limebeba Mwarabu tumboni mwake kabla hujaanza kubishana. Sitaitumia kuthibitisha lolote kuhusu pwani ya kale. Nitaitumia, tena kwa furaha, kama nataka kuthibitisha jinsi mwandishi anavyoiona pwani hiyo, maana hapo ndipo maoni yanapokuwa ushahidi.

Na sehemu ya "bila dini" inaweza kupimwa, kwa sababu ni dai limejificha ndani ya maoni. Yale maandishi ya Kiarabu, ambayo ni ya upande wa Washirazi, yanasimulia kwamba walipofika walimkuta Mwislamu mmoja kisiwani, aitwaye Muriri wa Bari, na msikiti. Msimuliaji anayetaka kuwasifu wakubwa wake angefaidika kuliacha hilo. Hakuliacha. Mimi nalipa uzito kidogo kwa sababu hiyo, na uzito huo nao ni tafsiri yangu.

[Swali kutoka kwa kijana wa mstari wa mbele: "Shikamoo mwalimu. Si ile vinasaba imekwisha kumaliza ubishi? Imethibitisha Washirazi walikuja."]

Marahaba, mwanangu. Unasema ule utafiti uliochapishwa mwaka 2023, wa mifupa ya watu 80 wa zamani kutoka pwani. Tuufanye kama tulivyofanya sarafu. Vipimo vyenyewe ni jambo la hakika: katika wengi wao, asili ya upande wa mama inaelekea Afrika, na sehemu kubwa ya upande wa baba inaelekea Uajemi. Mwaka 1000 hivi wa kuanza kuchanganyika ni hesabu inayojengwa juu ya makadirio ya urefu wa vizazi, kwa hiyo ni tafsiri, tena yenye nguvu. Na makaburi mengi ni ya miji ya mawe, mengine karibu kabisa na misikiti, kwa hiyo mvuvi wa kijijini huenda hayumo.

Mifupa haisemi majahazi yalikuwa saba. Haisemi baba hao waliitwa nani wala kama walikuja kutawala au kuuza nguo wakaoa. Inasema wanaume wa asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa hapa, karibu na wakati ule ule ambao Mtambwe ilimsogeza Ali. Na waliosoma habari hiyo siku ile ile, mmoja akaandika "tulisema sisi ni Waajemi" na mwingine "tulisema mama zetu ni Waafrika", wote wawili walikuwa wameshika karatasi moja ya vipimo.

Yule mama wa nyuma, ulikuwa umenyoosha mkono tangu zamani. Karibu.